Habari Mbaya Katika Kinywa cha Mkalimani

Wakalimani wa Kihispania katika kliniki za saratani za California, Texas na majimbo mengine ya Marekani yenye wahamiaji wengi wa Meksiko na Amerika ya Kati wanalijua ombi moja linalotolewa kwenye korido. Kabla mlango wa chumba cha daktari haujafunguliwa, mtoto wa mgonjwa, mara nyingi binti mkubwa, humvuta mkalimani pembeni na kumsihi kwa sauti ya chini asilitamke neno saratani mbele ya mama. Mama ana presha. Mama akisikia hatakula tena. Sema tu ni uvimbe, tutajua wenyewe namna ya kumwambia.

Ombi hilo limejaa upendo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mkalimani anayelikubali haoni kama anadanganya, anaona anasitiri. Pengine naye ana mama aliyezeeka katika nchi ya kigeni. Lakini akishakubali, kuna uamuzi mzito kuhusu mwili wa mtu ambao umepita mikononi mwa mtu asiye daktari, asiye mgonjwa, na ambaye mgonjwa hakumchagua. Uchambuzi huu unashikilia kuwa kutoegemea upande, jambo wanalofundishwa wakalimani wa kitabibu tangu siku ya kwanza, maana yake hasa ni hii: uamuzi wa kipi kisemwe na kipi kisisemwe ubaki kwa wenye nao.

Kanuni hiyo ina historia chungu. Mwaka 1978, jijini Los Angeles, mahakama ilisikiliza kesi ya wanawake 10 wenye asili ya Meksiko, inayojulikana kama Madrigal dhidi ya Quilligan. Walikuwa wamefungwa kizazi katika hospitali ya umma, wengi wao wakati wa kujifungua kwa upasuaji, baada ya kusainishwa fomu za Kiingereza wakiwa katika uchungu. Baadhi hawakujua walichosaini. Jaji Jesse Curtis aliwapa ushindi madaktari, akiliona tatizo kuwa ni la mawasiliano yaliyokwama kati ya pande mbili. Wanawake wale hawakupata fidia, ila kesi yao ilisaidia kuleta fomu za ridhaa za Kihispania California na masharti makali zaidi ya ridhaa.

Sheria nayo ilijengwa polepole. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilikataza taasisi zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kumnyima mtu huduma kwa sababu ya lugha kukaja kuhesabiwa humo. Kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya 2010 kiliibana zaidi sekta ya tiba. Kanuni zake za 2016 zilikataza mtoto mdogo kufanywa mkalimani, isipokuwa katika dharura ambayo hakuna mkalimani mwenye sifa anayeweza kupatikana papo hapo. Machi 2025 serikali ya shirikisho ilifuta amri ya rais ya mwaka 2000 iliyozitaka idara zake na wanaopokea fedha zake kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri, lakini sheria hizo mbili za bunge bado zipo. Mgonjwa anayezungumza Kihispania ana haki ya mkalimani mwenye sifa, bila malipo, katika karibu kila hospitali anayoingia.

Kuwapo kwa mkalimani, hata hivyo, hakutoshi. Mwaka 2003 daktari wa watoto Glenn Flores na wenzake walichapisha uchunguzi wa ziara 13 za wagonjwa wanaozungumza Kihispania zilizorekodiwa huko Massachusetts. Walihesabu makosa 396 ya ukalimani, wastani wa makosa 31 kwa ziara moja, na asilimia 63 yake yangeweza kuathiri matibabu. Zaidi ya nusu hayakuwa maneno yaliyotafsiriwa vibaya. Yalikuwa maneno yaliyorukwa. Pengine mkalimani alisikia neno, akaona halina uzito au halifai kusemwa, akaliacha lianguke.

Tabia hiyo inaonekana pia pale habari zinapokuwa mbaya. Uchunguzi uliochapishwa 2008 na watafiti wa Seattle ulisikiliza mikutano 10 ya madaktari na familia za wagonjwa mahututi, yote ikipitia kwa wakalimani. Katika kila kauli iliyovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, uwezekano wa kubadilishwa kwa kuongezwa, kupunguzwa, kugeuzwa au kutiwa maoni ulikuwa asilimia 55. Zaidi ya robo tatu ya mabadiliko hayo yalihesabiwa kuwa huenda yana uzito, na katika hayo, asilimia 93 yalielekea kuharibu mawasiliano. Hivi si vyumba ambavyo watu hufanya mzaha. Mtu analainisha kwa sababu jambo ni zito.

Tuutazame mfano mmoja kwa karibu. Umetungwa, lakini kila hatua yake inafahamika kwa anayefanya kazi hii. Mama wa miaka 68, aliyetoka Michoacán na kuchuma zabibu kwa miaka mingi katika mashamba ya bonde la kati la California, amepungua uzito, macho yamegeuka manjano na mgongo unamuuma usiku. Picha ya CT na sampuli ya nyama iliyotolewa kwenye ini zimeonyesha saratani iliyoanzia kwenye kongosho na kusambaa. Leo anakuja kuchukua majibu, akiwa na binti yake anayezungumza lugha zote mbili.

Kazi ya mkalimani inaanza kabla ya mgonjwa kuingia. Anahitaji dakika tano na daktari, na anayekwenda bila dakika hizo anajitafutia kujikwaa. Anauliza ni habari gani inayotolewa, mgonjwa anajua nini mpaka sasa, na ni istilahi zipi zitatajwa. Kongosho ni kiungo ambacho wengi hawakijui hata kwa lugha yao, kwa hiyo anamwomba daktari ajiandae kueleza kiko wapi na kinafanya nini. Anakumbusha pia kwamba atatafsiri kila kitu kitakachosemwa chumbani, kwa nafsi ya kwanza, na kwamba sentensi ziwe fupi. Mkalimani aliyeshtushwa na habari pamoja na mgonjwa atababaika, na uso wake utafika kabla ya maneno ya daktari.

Baada ya hapo haketi peke yake na mgonjwa wakimsubiri daktari. Hili linaonekana kama utovu wa adabu, hasa kwa watu wanaothamini maamkizi na maongezi. Sababu yake ni nyepesi: mama atamuuliza, "Umeona majibu yangu?" na hakuna jibu jema. Akisema hajui, anadanganya. Akinyamaza, amekwisha kujibu. Kwa hiyo anasubiri nje, na huko ndiko binti anakomkuta.

Jibu la mkalimani mzoefu kwa binti yule linakuwa la upole na la wazi. Humwambia: "Dada yangu, nimekusikia. Mimi siwezi kuamua hilo, lakini daktari anaweza kukusikiliza. Twende kwake sasa, nami nitamfikishia maneno yako yote." Anaongeza jambo moja ambalo halipaswi kusahauliwa: ndani ya chumba atatafsiri chochote kitakachosemwa, na yeyote atakayekisema. Binti hajakataliwa wala hajakubaliwa. Hoja yake imepelekwa kwa mtu mwenye mamlaka ya kuijibu.

Daktari aliyefundishwa vizuri ana chombo cha kulishughulikia ombi hilo. Mwaka 2000 Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walichapisha utaratibu wa hatua sita wa kutoa habari mbaya, unaojulikana kwa herufi SPIKES. Kabla ya kutoa habari, hatua mojawapo ni kumwomba mgonjwa ruhusa. Daktari anamwambia mama kwamba watu wengine hupenda kujua kila kitu kuhusu ugonjwa wao, wengine hupenda mtoto wao ndiye aambiwe na kuamua, kisha anauliza, "Wewe, mama, ungependa tufanyeje?" Katika mfano wetu mama anajibu: "Niambie mimi. Na binti yangu abaki hapa." Suala lililoonekana kama vita kati ya utamaduni na sheria limemalizwa na mwenyewe kwa sentensi mbili.

Angeweza kujibu vingine. Mwaka 1995 Leslie Blackhall na wenzake walichapisha matokeo ya kuwahoji wazee 800 wa Los Angeles kama mgonjwa aambiwe kuwa ana saratani iliyosambaa. Kati ya wenye asili ya Ulaya, asilimia 87 walisema aambiwe. Kati ya wenye asili ya Meksiko, asilimia 65. Walipoulizwa kama aambiwe kuwa ugonjwa utamuua, wenye asili ya Meksiko waliokubali walikuwa asilimia 48. Wanaotetea ombi la korido huzishika takwimu hizi kwa nguvu, na wana haki ya kufanya hivyo, maana wazee wengi kweli hawataki kuambiwa. Lakini asilimia 65 maana yake pia ni kwamba karibu wazee wawili kati ya watatu wanataka kujua. Hakuna mkalimani anayeweza kutambua kwa lafudhi au kwa rozari iliyoko mkononi mama huyu yuko upande gani. Anayejua ni mama. Akisema hataki kuambiwa, hiyo ni haki yake, na daktari atazungumza na binti kwa ruhusa ya mama.

Turudi chumbani. Mkalimani ameketi kando ya mgonjwa, nyuma kidogo ya bega lake, ili mama na daktari watazamane. Daktari anasema kwa sauti ya chini: "Nasikitika, majibu si mazuri. Ni saratani. Imeanzia kwenye kongosho na imefika kwenye ini. Tunaweza kuitibu, lakini hatuwezi kuiponya."

Katika sentensi hizo chache kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni kuigeuza saratani kuwa uvimbe. Wa pili ni kugeuza "hatuwezi kuiponya" kuwa "ni vigumu kuiponya", neno moja linalompa mama tumaini ambalo daktari hakulitoa, na ambalo litamfanya akubali kemotherapi kwa sababu isiyo ya kweli. Wa tatu ni kuongeza cha kwake, labda "Mungu yupo", kwa nia ya kutuliza. Mama anayesikia maneno hayo anadhani daktari ndiye aliyeyasema, na kesho atamkumbusha daktari ahadi ambayo daktari hakuitoa. Upole haukatazwi. Daktari akisema polepole, mkalimani naye anasema polepole, na katika Kihispania anachagua namna ya heshima ya kumwita mama mzee, maana kumwita kama rafiki wa rika lake kungekuwa pia kumbadilisha daktari. Upole aliouweka daktari unavuka wote. Asiouweka hautungwi njiani.

Kisha panakuwa kimya. Mama anatazama mikono yake. Kimya hiki kinawatesa wote, na wakalimani wachanga hukijaza kwa kurudia sentensi ya mwisho au kueleza kongosho ni nini. Mara nyingi ni daktari anayevunjika kwanza. Anaanza kueleza dawa, ratiba ya sindano, kliniki ya tiba shufaa, yote kwa pumzi moja ya dakika mbili. Hapa mkalimani anainua mkono kidogo na kusema, kwa lugha zote mbili, "Mkalimani anaomba tuende kwa vipande vifupi." Anajitaja kwa nafsi ya tatu ili ieleweke kwamba sauti hii ni yake mwenyewe. Daktari anapumua, na mama anapata nafasi aliyokuwa anaihitaji.

Kipimo kigumu zaidi kinakuja kutoka mahali pasipotarajiwa sana. Binti, akijua mama haelewi Kiingereza, anamgeukia daktari na kumwambia kwa Kiingereza: "Tafadhali usimwambie ni muda gani umebaki." Kila kitu ndani ya mkalimani kinamwambia anyamaze. Ni mazungumzo ya watu wawili wanaoelewana, hawamhitaji. Lakini mama ndiye mwenye ziara, naye ndiye pekee chumbani asiyejua kilichosemwa. Mkalimani anatafsiri maneno ya binti kwa Kihispania, kwa nafsi ya kwanza, bila kuyapaka rangi. Ndiyo maana alionya pale kwenye korido. Bila onyo lile, binti angejiona amesalitiwa, na angekuwa na sababu. Mama anayesikia ombi la mwanawe anaweza kumshika mkono na kusema, "Mwache aseme," au anaweza kusema, "Binti yangu ana haki, hilo sitaki kulijua leo." Vyote viwili ni maamuzi yake.

Ukimya wa mkalimani katika dakika hizo, daktari na binti wakizungumza Kiingereza juu ya kichwa cha mama, ni kosa ambalo halionekani kwa urahisi. Hakuna neno lililotafsiriwa vibaya, na kila mtu alikuwa na adabu. Mgonjwa tu ndiye ameondolewa kwenye ugonjwa wake.

Tuseme mama ameruhusu, na daktari amesema kwamba muda uliobaki ni wa miezi. Mwisho wa ziara daktari anauliza kama ameelewa, na mama anasema ndiyo. Kwa wazee wengi waliolelewa kumheshimu daktari, ndiyo hiyo ni adabu. Daktari makini anamwomba mama aeleze kwa maneno yake atakavyomwambia dada yake nyumbani. Mama anasema: "Nina kitu kwenye ini, nitapewa dawa, nitapona baada ya miezi." Jibu hili limechanganyika, na mkalimani mwenye mazoea ya kupanga maneno ya watu atalipanga: "Ninaelewa kuwa saratani imefika kwenye ini na nitapewa dawa." Daktari ataridhika na kuandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameelewa. Jibu lililochanganyika linapaswa kuvuka likiwa limechanganyika vilevile, kwa sababu hapo ndipo daktari anapogundua kwamba neno "miezi" limeshikwa kinyume na lilivyokusudiwa, na anarudi kulieleza upya.

Daktari asiyejua Kihispania anaweza kugundua kuwa jambo limeenda kombo hata bila kuelewa neno. Amesema dakika nzima na mkalimani ametumia sekunde tano. Ameuliza swali la ndiyo au hapana na kukafuata mazungumzo marefu ya pembeni, kisha akarudishiwa neno moja. Mgonjwa amejibu jambo ambalo halikuulizwa. Au mgonjwa ametabasamu baada ya sentensi ambayo hakuna mtu angetabasamu akiisikia. Daktari ana haki ya kusimama hapo na kuuliza, "Mmesemaje?"

Je, mkalimani asiingilie kamwe? Kanuni za maadili za baraza la kitaifa la wakalimani wa afya la Marekani, zilizotolewa 2004, zinadai usahihi na kutoegemea upande, lakini zinaruhusu pia utetezi pale ambapo afya, ustawi au utu wa mgonjwa uko hatarini. Chama cha wakalimani wa afya cha California, katika viwango vyake vya 2002, kilitambua majukumu manne, kuanzia kugeuza ujumbe, kuufafanua, kufafanua utamaduni, hadi kumtetea mgonjwa, hilo la mwisho likiwa la tahadhari kubwa. Mama akisema, "Yamo mikononi mwa Mungu," na daktari akaandika kwamba amekataa matibabu, mkalimani anaweza kusema wazi kwa pande zote kwamba huenda ingefaa kumuuliza mama anamaanisha nini. Hajibu yeye. Hasemi "watu wetu humaanisha hivi." Mkalimani aliyezaliwa Guatemala au Los Angeles hana mamlaka ya kumsemea mama wa Michoacán kwa sababu tu wanazungumza Kihispania.

Gharama ya kazi hii haizungumzwi vya kutosha. Kutafsiri kwa nafsi ya kwanza ni kutamka kwa kinywa chako mwenyewe, "Nina watoto wawili, sitaki kufa," kisha dakika hiyohiyo kutamka kwa kinywa hichohicho, "Hatuna dawa nyingine." Daktari ana wenzake wa kuzungumza nao. Mkalimani wa simu au wa video anakata mstari, na simu inayofuata inalia, labda ya mtoto mwenye homa. Kliniki inayompa dakika tano kabla ya ziara inapaswa kumpa nyingine tano baada yake. Kazi hii ikiendeshwa kwa malipo ya dakika bila nafasi ya kupumua, usahihi ndio utakaoanza kuporomoka.

Mambo haya hayawahusu wasemaji wa Kihispania peke yao. Maelfu ya wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili wamepelekwa kuishi katika miji ya Marekani, na sheria inayomlinda mama wa Michoacán inamlinda na mama wa Bukavu. Katika familia nyingi za aina hii anayeitwa kutafsiri ni mtoto wa shule, na baadaye anabaki na kumbukumbu ya kumwambia baba yake kuwa ana saratani. Msomaji mwenye mzazi au jirani katika hali hiyo amwombe mpokezi wa kliniki mkalimani mapema, siku ya kuweka miadi, naye akae chumbani kama mwana au rafiki. Akiwa na ombi kuhusu nini kisisemwe, amweleze daktari mwenyewe, mkalimani akiwepo, na amwache mgonjwa aulizwe.